Viazi vya unga na viazi vya utelezi: kipi uchemshe, kipi uponde, kipi uoke

Weka viazi viwili mezani vyenye ukubwa mmoja na ganda linalofanana. Kwa macho tu ni vigumu kusema kipi kitatoka mzima kwenye sufuria na kipi kitafumuka. Dakika 20 baadaye kimoja kimepasuka ganda, na ukikigusa kwa uma kinameguka vipande vikavu vyeupe. Kingine kimeiva vilevile, uma unapenya bila shida, lakini kimesimama kama kilivyoingia majini. Vyote viwili ni viazi vizuri. Balaa huanza pale kimoja kinapopewa kazi ya mwenzake, na hakuna mahali balaa hilo linaonekana wazi kama kwenye viazi vya kuponda vinavyogeuka gundi.

Cha kwanza nitakiita kiazi cha unga, maana ndivyo walaji wanavyosema wakikipenda: "hiki kina unga." Cha pili nitakiita kiazi cha utelezi, kwa jinsi nyama yake mbichi inavyong'aa na kuteleza chini ya kisu. Kwa anayenunua kwa jina la mbegu, Russet Burbank na King Edward ni vya unga, Charlotte na Nicola ni vya utelezi. Wengi wetu lakini tunanunua viazi visivyo na jina, kwa hiyo jina halitoshi. Inabidi kujua kuvitambua.

Tofauti iko ndani ya nyama

Nyama ya kiazi ni seli ndogo sana zilizopangwa kama matofali ukutani. Kinachoshikanisha seli moja na nyingine ni pektini, ambayo ndiyo saruji ya ukuta huo. Ndani ya kila seli kuna maji na chembe za wanga. Kiazi cha unga kina wanga mwingi: ukikausha maji yake yote, kinachobaki ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wake au zaidi, na kingi kati ya hicho ni wanga. Cha utelezi kina maji mengi zaidi na wanga kidogo. Ukitazama tarakimu, pengo hilo ni dogo, lakini kwenye sufuria ni kubwa.

Joto likifika kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi, chembe za wanga hunywa maji yaliyo ndani ya seli na kuvimba. Joto likipanda kupita 80, pektini nayo huanza kulegea. Kwenye kiazi cha unga seli zimejaa wanga, kwa hiyo zinavimba, zinakuwa za mviringo na kuachana, huku kila moja ikiwa imefunga wanga wake ndani. Ule ukavu mtamu unaousikia ulimini, kama unga mwepesi, ni maelfu ya seli zilizoachana zikiwa nzima. Kwenye kiazi cha utelezi seli hubaki zimeshikana hata baada ya kuiva. Meno yanapouma, yanakata katikati ya seli badala ya kupita kati yake, ndiyo maana unakisikia laini, chenye unyevu na kimeshikamana.

Shika hilo moja: kwenye kiazi cha unga seli huachana zenyewe, kwenye cha utelezi hazitaki kuachana. Karibu kila uamuzi wa jikoni kuhusu viazi unatoka hapo, na gundi pia inatoka hapo.

Namna ya kuvijua kabla ya kupika

Kata kiazi kimoja katikati, kisha sugua nusu mbili pamoja. Kiazi cha unga huacha povu jeupe zito kwenye kisu na kwenye vidole, na likikauka linabaki kama chokaa. Mara nyingi nusu hizo mbili hunatana kwa muda. Cha utelezi huacha majimaji tu, na uso uliokatwa unang'aa. Njia hii inatosha siku nyingi, ila inahitaji mazoea, na kuna viazi vya katikati ambavyo vitakuchanganya.

Ukitaka jibu la uhakika zaidi, tumia maji ya chumvi. Yeyusha gramu 120 za chumvi kwenye lita 1 ya maji, koroga mpaka yawe maangavu, kisha tumbukiza kiazi kizima kilichooshwa. Wanga ni mzito kuliko maji, kwa hiyo kiazi chenye wanga mwingi kitazama na cha utelezi kitaelea. Kinachoning'inia katikati au kuzama polepole sana ni cha katikati, nacho kinaweza kufanya kazi zote kwa kiwango cha kuridhisha. Napenda jaribio hili kwa sababu linakuonyesha pia kwamba mfuko mmoja unaweza kuwa na viazi vya aina zote mbili. Ukipika vyote kwa pamoja, vingine vitakuwa vimefumuka wakati vingine bado vinakaza.

Kuchemsha: cha utelezi kinashinda

Kama kiazi kitatakiwa kubaki na umbo lake, iwe kwenye saladi, kwenye mchuzi au vipande vya kuliwa na siagi, chukua cha utelezi. Seli zake zilizoshikana ndizo zinazokupa kipande chenye kingo safi. Cha unga kwenye mchuzi huanza kumomonyoka pembeni, na wanga wake unaufanya mchuzi kuwa mzito. Ukikusudia hivyo, kuna raha yake. Wapo wanaotia viazi kidogo vya unga kwa makusudi ili mchuzi ushike, na vya utelezi ili vipande vibaki.

Aina yoyote utakayochemsha, anza na maji baridi. Ukitumbukiza viazi kwenye maji yanayotokota, nje huiva na kuanza kufumuka kabla joto halijafika katikati. Maji yakishachemka, punguza moto yawe yanatetemeka tu, maana mtokoto mkali unagonganisha vipande. Na kama una viazi vya unga peke yake lakini unataka saladi, tia kijiko 1 kikubwa cha siki kwa kila lita ya maji. Uchachu unazuia pektini isilegee haraka. Vitachukua muda mrefu zaidi kuiva, lakini vipande vitasimama.

Kuponda: hapa ndipo gundi inapozaliwa

Watu wengi wanaamini viazi vinanata kwa sababu vina wanga mwingi. Ingekuwa hivyo, kiazi cha unga ndicho kingekuwa kibaya kuliko vyote kuponda. Ukweli ni kinyume chake. Kiazi chenye wanga kidogo ndicho kinachogeuka gundi kwa urahisi, na kisa chake kinastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Wanga ulioiva na uliofungwa ndani ya seli nzima hauna madhara. Unausikia kama ulaini. Wanga huohuo ukimwagika nje ya seli, unachanganyika na maji na kuwa ute mzito unaovutika, na ute huo unafunika seli zote na kuzibandika upya. Kwa hiyo si kiasi cha wanga kilichomo kinachoamua, bali ni kiasi kilichotoka nje. Na wanga hutoka pale ukuta wa seli unapochanika.

Sasa linganisha. Unapoponda kiazi cha unga, seli zilikuwa tayari zimeachana. Unachofanya mkononi ni kuzitenganisha tu, na nguvu kidogo inatosha. Unapoponda kiazi cha utelezi, seli bado zimeshikana, kwa hiyo unalazimika kukandamiza zaidi na kurudia zaidi ili mabonge yaishe. Nguvu hiyo haikosi pa kwenda: badala ya kuachanisha seli, inazichana. Unaona mabonge, unaponda tena; unaponda tena, wanga unazidi kumwagika.

Nililipima hili jikoni kwangu kwa mafungu manne, kila fungu gramu 500 za viazi vilivyomenywa, gramu 60 za siagi na mililita 100 za maziwa ya moto. Fungu la kwanza lilikuwa viazi vya unga vilivyopitishwa kwenye chujio la waya kwa kusukumwa na mgongo wa kijiko. Vilianguka chini kama chenga nyeupe, kila chenga ikiwa mbalimbali na nyingine. Siagi iliingia, maziwa yakaingia, na nilipopindua kijiko rojo lilidondoka kwa pamoja, mahali lilipokatika pakiwa na chengachenga. Fungu la pili, viazi vya utelezi kwa chujio hilohilo, lilichukua karibu mara mbili ya nguvu. Lilitoka laini, zito, lenye mng'ao kidogo. Lilikuwa linaliwa, na wapo wangelipenda, lakini halikuwa na wepesi.

Fungu la tatu nilitia viazi vya unga kwenye blenda. Ndani ya sekunde chache uso ulianza kung'aa kama rangi ya mafuta, na nilipozima, rojo lilikuwa limevishika visu. Nilipoinua kijiko lilivutika uzi. Fungu la nne, la utelezi kwenye blenda, liliharibika mapema zaidi na likawa kama mpira. Kwa hiyo aina ya kiazi inakupa nafasi ya kukosea, lakini haikulindi na kisu. Visu vya blenda havitenganishi seli hata kidogo. Vinazikata, na kiazi bora kuliko vyote kitakuwa gundi mbele yao. Mchapo wa umeme unaotumika kwa keki ni mpole kidogo kuliko blenda, lakini ukiuacha uzunguke dakika nzima unakufikisha palepale.

Dalili ya kwanza ya kuangalia ni mng'ao. Viazi vilivyopondwa vizuri vina uso uliofifia. Ukiona uso umeanza kung'aa na mwiko umeanza kuwa mzito kuzungusha, acha hapohapo, hata kama kuna bonge mbili tatu zimebaki. Bonge mbili zinasamehewa. Gundi hairudi nyuma.

Namna ninavyoponda

Kata viazi vya unga vipande vya sentimeta 4 hivi, vyote vilingane. Vikiwa vidogo sana vinanyonya maji mengi. Vioshe kwenye maji baridi ili wanga uliotoka kwenye seli zilizokatwa na kisu uondoke. Anzia maji baridi yenye chumvi, na vikishachemka viache dakika 15 hadi 20 kwa moto mdogo. Vimeiva pale kisu kinapoingia na kutoka bila kuinua kipande. Usiviponde vikiwa na kiini kigumu, kwa sababu kiini hicho ndicho kitakachokulazimisha kukandamiza kupita kiasi. Na usiviache mpaka vimevurugika majini, maana hapo seli zilizovimba zimeanza kupasuka zenyewe.

Mwaga maji yote, rudisha viazi kwenye sufuria yenye moto mdogo, uvitikise dakika 2 au 3 mpaka mvuke upungue na pembe za vipande ziwe nyeupe kama zimenyunyiziwa unga. Maji yaliyobaki humo ndiyo yatakayochukua nafasi ya siagi na maziwa. Kisha ponda mara moja vikiwa vya moto kabisa. Vikipoa, pektini inakaza tena na seli zinang'ang'aniana, na kuponda kiazi kilichopoa ni sawa na kuchana ukuta.

Ponda vikiwa vikavu, kabla ya kutia chochote, kwa kushuka wima na kiponda au kwa kusukuma kwenye chujio. Usizungushe kama unayekanda. Mabonge yakiisha, tia siagi ukunje kwa mwiko. Mafuta yanafunika seli na wanga mchache uliotoka. Baada ya hapo tia maziwa ya moto kidogokidogo. Ukitia maziwa kabla mabonge hayajaisha, utajikuta unakoroga kitu cha majimaji ukitafuta bonge zinazokimbia, na kukoroga huko ndiko kunakochana seli.

Kama una viazi vya utelezi tu na lazima uvipondee wageni, kuna njia inayosaidia kweli, ila inataka subira na kipimajoto. Kata vipande vinene vya sentimeta 1.5, uviweke kwenye maji ya nyuzi 70 kwa dakika 30. Joto hilo linatosha kuivisha wanga lakini halitoshi kulegeza pektini. Badala yake, kimeng'enya kilichomo ndani ya kiazi kinaimarisha kuta za seli. Vitoe, uvipoze kabisa kwenye maji baridi kwa dakika 30 nyingine, na wakati huo wanga uliovimba unajipanga upya na kuwa mgumu kuyeyuka. Sasa vichemshe kawaida mpaka vilainike, uviponde vikiwa moto. Hata seli zikichanika, wanga unaotoka haunati kama wa mwanzo. Watengenezaji wa viazi vilivyokaushwa vya kuchanganya na maji hutumia hatua hizihizi za kuivisha kwa joto dogo na kupoza, kwa sababu hiyohiyo.

Na kama gundi imeshatokea? Maziwa zaidi yatakupa gundi nyepesi, siagi zaidi itakupa gundi ya mafuta. Usipoteze vitu. Libadilishe pishi: changanya na yai na unga kidogo, ufanye vibonge vya kukaanga, au litandaze kwenye chombo, unyunyizie jibini juu, uoke mpaka uso ukaukie. Au lihifadhi, ulitumie kuifanya supu ya kesho iwe nzito. Huko ule ute ndio unaotakiwa.

Kuoka: cha unga tena, ila kwa sharti

Uzuri wa kiazi cha kuoka uko kwenye gamba la nje linalovunjika kwa sauti na ndani penye wepesi. Cha unga kinatoa vyote viwili, mradi ukichemshe kwanza. Vipande vya sentimeta 5, dakika 8 hadi 10 tangu maji yachemke, mpaka nje ilainike na katikati pabaki imara kidogo. Chuja, acha mvuke utoke dakika 5, kisha funika sufuria na uitikise kwa nguvu mara tatu au nne. Pembe zitachubuka na uso utakuwa na manyoyamanyoya. Kuchubuka huko ndiko unakokutaka: uso mpana wenye wanga ulioiva, ambao ukikutana na mafuta ya moto unakauka na kuwa gamba. Nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwenye lita 2 za maji ya kuchemshia inazidisha jambo hilo, kwa sababu inafanya kinyume cha siki: inalegeza pektini ya nje haraka. Usizidishe, la sivyo vitayeyuka na ladha ya sabuni itabaki.

Tia vipande kwenye treya yenye mafuta yaliyokwisha kupata moto, oveni ikiwa nyuzi 220, kwa dakika 45 hadi 55, ukigeuza mara mbili. Usivibananishe, vikigusana, mvuke unanaswa katikati na gamba haliji.

Cha utelezi kwenye oveni hakichubuki ukikitikisa, kwa hiyo kuchemsha kwanza hakukufaidishi sana. Kikipata rangi, gamba lake ni jembamba na linalegea kikipoa, na ndani pamebana na penye unyevu. Vile vidogo vya utelezi ninavioka vizima na ganda lake, bila kuchemsha, na hapo vinapendeza kwa ladha yake tamu kidogo.

Jambo moja linalowapotosha watu kwenye kuoka ni friji. Viazi vikikaa kwenye baridi kali, wanga wake huanza kugeuka sukari, na kwenye oveni vinaungua rangi nyeusi kabla havijakauka, hata viwe vya unga safi. Mtu hudhani amenunua aina mbaya. Vihifadhi mahali penye ubaridi wa wastani, pakavu na gizani. Giza ni muhimu, kwa sababu mwanga unavifanya viwe kijani na vichungu, na vilivyogeuka hivyo si vya kula.

Ukilazimika kununua aina moja tu ya kupikia wiki nzima, mimi ningechukua vya unga. Siki itakusaidia kuvishikisha siku ya saladi, na siku ya kuponda na siku ya kuoka havitahitaji ujanja. Lakini kama saladi na mchuzi ndiyo mapishi yako ya kila siku na kuponda ni mara moja kwa mwezi, chukua vya utelezi, na mara hiyo moja toa chujio badala ya blenda.